Siku za Kusubiri Meli ni za Nani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni huwa na mambo mawili: kiasi na siku ya kulipa. Ukikopa debe la maharage kwa jirani, utamrudishia debe, na mtakubaliana ni baada ya mavuno. Sasa niulize: deni lenye kiasi lakini halina siku, ni deni la namna gani? Na kama pande zote mbili zinasubiri siku hiyo, ni nani anayemlipa mwenzake kwa kusubiri?

Swali hili nimelipata kwa mdogo wangu, ambaye ni baharia. Najua mtauliza, mtu wa Ngara na bahari wapi na wapi? Sisi ni watu wa vilima na migomba. Maji makubwa tunayoyajua ni Mto Kagera unaporomoka pale Rusumo. Lakini vijana wa bara nao husoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam, hupata vyeti na kitabu cha baharia, halafu hurudi nyumbani kungoja simu ya wakala anayewatafutia meli. Yeye ni baharia wa sitaha kwenye meli za mafuta. Mkataba wake wa mwisho ulikuwa wa miezi 9, na pembeni yake yameandikwa maneno ambayo mabaharia wote wanayajua: jumlisha au toa mwezi mmoja. Mwezi huo wa kujumlisha au kutoa ni wa kampuni. Baharia hautumii apendavyo.

Tuanze kwa haki: tarehe ya kupanda meli haijulikani, na mara nyingi hakuna anayedanganya. Meli ya mafuta haina ratiba kama basi la Mwanza. Inangoja gati la kupakia, na kama kuna foleni inatia nanga nje. Bahari ikichafuka inapunguza mwendo. Aliyeikodi anaweza kubadili mawazo katikati ya safari akaituma bandari nyingine, kwa sababu bei ya shehena imebadilika. Mabaharia nao hubadilishwa pale meli inapopita karibu na pwani yenye wakala na boti. Sehemu moja maarufu kwa kazi hiyo ni Fujairah, upande wa mashariki wa Falme za Kiarabu, ambako meli husimama kujaza mafuta yake yenyewe. Inasimama kwa saa kadhaa tu, kisha inaondoka. Anayepanda akichelewa, haisubiri. Akiwahi sana, kampuni inamlipia hoteli. Kwa hiyo ofisi inayopanga safari inatafuta kitu kimoja: tiketi ya ndege inayoweza kusogezwa.

Tiketi hiyo ipo. Mashirika mengi ya ndege yana nauli maalumu za mabaharia, zinazouzwa na mawakala wa safari walioidhinishwa, kwa mtu mwenye barua inayotaja jina la meli anayokwenda. Kwa kawaida inaruhusu mizigo mingi kuliko tiketi ya kawaida, inabadilishwa tarehe kwa gharama ndogo au bure, na ikifutwa mapema sehemu kubwa ya fedha hurudi. Ni ya kwenda tu, kwa sababu siku ya kurudi haijulikani kabisa. Ndiyo maana baharia hubeba barua ya dhamana, ambamo kampuni inaahidi kugharimia lolote na kumrudisha kwao. Bila barua hiyo, mhudumu wa uwanja wa ndege akiona tiketi ya kwenda bila ya kurudi, anaweza kumzuia asipande.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini tiketi inayobadilika ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua kabla hatujafika kwenye swali la haki. Kwanza, inabadilika kabla ndege haijaondoka. Usipotokea bila kutoa taarifa, inahesabika umeikimbia, na vipande vya safari vilivyofuata hufutwa pamoja nacho kile cha kwanza. Pili, kubadilika hakuumbi kiti. Ndege ikiwa imejaa siku mpya unayoitaka, utapelekwa kwa njia ndefu, au utasubiri. Tatu, tiketi ikisogea lazima karatasi zisogee nayo: barua ya kujiunga na meli, viza, na kibali ambacho wakala wa bandarini anakipeleka kwa shirika la ndege. Tarehe moja ikibaki nyuma, mtu anakwama kaunta akiwa na tiketi halali mkononi.

Na mpaka wa nne, ambao hakuna mahali umeandikwa: tiketi inabadilika kuanzia uwanja wa ndege tu. Kabla ya hapo kuna Ngara.

Kutoka kwetu kuna njia mbili. Moja ni barabara ya Lusahunga, unashuka Biharamulo, unapita Geita mpaka Busisi, unavuka kwenda Mwanza, kisha ndege ya ndani hadi Dar es Salaam. Zamani kivuko cha Busisi peke yake kilitosha kuharibu mpango wa siku. Tangu Juni 2025 kuna daraja, hofu hiyo imepungua. Tatizo la njia hii ni kwamba mara nyingi kampuni humkatia baharia tiketi kuanzia Dar, na ile ya Mwanza anajikatia mwenyewe. Hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari. Na ya pili ikisogezwa, ya kwanza inabaki palepale, nauli ikiwa imeshaliwa. Njia nyingine ni kuvuka daraja la Rusumo na kwenda Kigali, ambako ni karibu zaidi kuliko Mwanza. Pale mpakani Watanzania na Wanyarwanda wanahudumia wasafiri katika kituo kimoja, na baharia ana pasipoti tayari. Mdogo wangu alichagua Kigali.

Kigali ina mitego yake midogo. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo ukivuka daraja unapewa saa moja ya bure, na ukirudi unanyang'anywa. Mtego mkubwa uko kwenye lugha. Tiketi ikiandika 01:30 ya tarehe 16, sisi tunasema saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 16. Maana yake unaondoka nyumbani tarehe 15. Anayesoma namba bila kuigeuza kwa Kiswahili anafika uwanjani siku nzima baadaye, ndege ikiwa imeshafika ilikokuwa inakwenda. Kwa hiyo sisi nyumbani kila tarehe mpya tuliiandika kwenye karatasi kwa maneno: anatoka hapa siku fulani asubuhi, analala wapi, anapaa usiku wa kuamkia lini.

Karatasi hiyo ilijaa haraka. Ujumbe wa kwanza ulisema meli itafika Fujairah tarehe 14. Ndege ni usiku wa kuamkia 13, hivyo atoke nyumbani 12. Tarehe 14 ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo wazee wetu walikuwa waende Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kupeleka mahari yake. Tukawapigia watu wa Nyakanazi, tukaomba radhi, shughuli ikaahirishwa. Baba wa binti alijibu kwa upole, lakini ule upole wa mtu anayehesabu.

Jioni ya tarehe 11 ukaja ujumbe wa pili. Meli bado inangoja gati la kupakia. Sasa itafika 17, ndege ni usiku wa kuamkia 16. Tungeweza kuirudisha ile Jumamosi? Hapana. Mwisho wa ujumbe palikuwa na sentensi moja: uwe tayari, tarehe inaweza kurudi mbele wakati wowote. Basi Jumamosi ile mdogo wangu aliikaa nyumbani, begi limefungwa mlangoni, akila maharage na sisi, huku Nyakanazi kuna sherehe yake ambayo haikufanyika. Mama alimuuliza, "Sasa mwanangu, uko safarini au uko nyumbani?" Akajibu, "Mama, nipo nipo tu."

Tarehe 15 alitoka kweli. Tulimwombea, tukamuaga, akavuka Rusumo, alasiri yuko Kigali. Saa 12 jioni, ujumbe wa tatu: aliyeikodi meli ameiagiza ipitie mahali pengine kwanza, ndege sasa ni usiku wa kuamkia 18. Afanye nini? Kurudi Ngara ni aibu, maana mtu aliyeagwa harudi kesho yake bila maneno ya watu, na ni nauli mara mbili. Akatafuta nyumba ya wageni ya bei rahisi, akakaa humo kwa fedha yake, kwa sababu kwa hesabu ya kampuni safari inaanzia uwanjani. Akapaa usiku wa kuamkia 18, akalala Fujairah, tarehe 19 boti ikampeleka melini. Tiketi ilisogezwa mara mbili, na kwa mujibu wa yule aliyeikata haikuongezeka hata senti moja. Alisifia sana: tiketi nzuri, inabadilika bure.

Hapo ndipo nilipoanza kuikataa hiyo "bure". Kitu kikipinda, kuna mahali kimepinda. Tarehe zilisogea siku tano. Nauli haikuguswa, kampuni haikulipa zaidi, shirika la ndege lilishapata chake. Siku tano zile hazikuyeyuka. Zilikwenda Nyakanazi kwa baba wa binti, zikaenda kwenye kitanda cha kulipia Kigali, zikaenda kwenye ile "nipo nipo tu". Tiketi ilibaki imenyooka kwa sababu mtu ndiye aliyepinda.

Atakuja mwenye hoja aniambie: hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mshahara wa baharia ni mkubwa kuliko wa kijijini, umeshajumlisha na usumbufu huo. Hoja hii ina uzito, lakini ina tundu. Mikataba mingi huanza kuhesabu mshahara siku baharia anapoondoka nchini kwake au anapopanda meli. Siku za kungoja ziko kabla ya hapo. Huwezi kusema mshahara umelipia kitu ambacho mshahara wenyewe umekataa kukihesabu.

Mwingine, tena mtu wa kwetu, atasema: mkulima naye hungoja mvua, hakuna anayemlipa. Hoja hii naiheshimu zaidi. Ni kweli, kusubiri peke yake si dhuluma. Tunangoja mvua, tunangoja ndizi zikomae, tunangoja mtoto azaliwe. Lakini mvua haina mkataba na mtu, na haiuzi siku za mkulima kwa mwingine. Bahari ya biashara inaziuza. Meli ikicheleweshwa bandarini kupita muda uliokubaliwa wa kupakia au kupakua, aliyeikodi humlipa mwenye meli fidia kwa kila siku, na hata sehemu ya siku. Wafanyabiashara wa Dar wanalijua neno hilo, demareji, na wanaliogopa. Kwa meli kubwa ya mafuta inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Na meli ikiwa imekodiwa kwa muda, kodi inakimbia kila siku, iwe inakwenda au imetia nanga. Kumbe bahari inajua vizuri kabisa kwamba kusubiri kuna bei! Imeandika bei ya kusubiri ya chuma, kwa saa na kwa dakika. Bei ya kusubiri ya mtu ndiyo haijaandikwa.

Sheria imeliona jambo hili kwa jicho moja. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, na viza ni ya mwenye meli. Unasema pia kwamba baharia arudishwe kwao bila gharama, na asikae kazini miezi 12 bila haki ya kurudi. Miongozo yake inaongeza kuwa siku za kusubiri kurudishwa zisikatwe kwenye likizo yake. Ni maneno mazuri. Yanamtazama mtu anayetoka. Anayeingia, aliyekaa juu ya begi lake Ngara, hayamtazami kwa uwazi huo.

Lakini kuna mtu mwingine katika habari hii, na bila yeye maadili ya jambo zima yanakuwa mepesi mno. Melini kulikuwa na baharia, Mfilipino, aliyekuwa anamngoja mdogo wangu. Miezi yake 9 ilikuwa imekwisha, ameingia kwenye ule wa kujumlisha. Meli ina idadi ya chini ya watu ambayo haiwezi kusafiri bila hao, kwa hiyo hashuki mpaka wa kumpokea apande. Tiketi yake nayo ilikuwa inasogea: 14, 17, 19. Huko kwao nako, bila shaka, kuna watu waliokuwa wanaandika tarehe na kuzifuta.

Kwa hiyo mdogo wangu angeweza kugoma? Angeweza kusema siendi mpaka Jumamosi ipite, nina mahari yangu? Nilimuuliza hivyo kabla hajaondoka. Akaniambia, "Kaka, nikichukua siku moja, siichukui kwa kampuni. Naichukua kwa yule jamaa." Jibu hilo limenikaa kichwani. Kampuni imeunda mpango ambao ndani yake kila siku anayoidai mfanyakazi inatoka mfukoni mwa mfanyakazi mwenzake. Wema wa baharia kwa baharia ndio unaofanya tiketi ya bei nafuu iwezekane. Si lazima mtu awe na nia mbaya ili jambo hili litokee. Inatosha kila mmoja asimamie hesabu yake, na kusiwe na hesabu ya siku za watu.

Dunia iliwahi kuliona hili kwa ukubwa wake. Mwishoni mwa mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha, na wengine wanaokaribia idadi hiyo walikuwa majumbani wakingoja kwenda kuwapokea. Pande mbili za mlango mmoja. Watu wengi waliwahurumia wa ndani, na ni haki. Wa nje walionekana wamepumzika.

Nadhani haki hapa haihitaji kuondoa mashaka ya tarehe, maana hayaondoki. Inahitaji kuuliza ni nani anayeweza kuyabeba kwa urahisi zaidi, na ni nani anayeyajua mapema. Kampuni inajua meli iko wapi kila saa, Ngara hatujui. Kampuni inaweza kugawa hasara ya siku tano juu ya meli nyingi na mabaharia wengi; mdogo wangu ana Jumamosi moja. Kwa hiyo mzigo una mwenyewe. Kwa vitendo ni mambo matatu tu. Mkataba utaje mahali pa kuajiriwa kuwa pale mtu anapoishi, ili barabara na kitanda cha Kigali viwe sehemu ya safari. Kampuni itaje tarehe ambayo kabla yake baharia hataitwa kamwe, ili siku za kabla yake ziwe zake kweli na aweze kuoa. Na tarehe ya kwanza iliyotajwa ikipita, posho ya kusubiri ianze kuhesabika, hata kama ni ndogo. Posho hiyo isingemrudishia Jumamosi yake. Lakini kitu chenye bei hutumiwa kwa kufikiri. Cha bure hutumiwa hovyo.

Baharia naye ana deni lake. Asikubali meli mbili kwa pamoja ili achague itakayowahi, kwa sababu atakayetelekezwa ni yule wa melini. Akisema nakuja, aende. Kiswahili kinaita jambo hili kupokezana, na neno lenyewe lina watu wawili ndani yake.

Tarehe 19 mdogo wangu alipanda ngazi ya ubavuni na begi lake. Makabidhiano yalichukua muda mfupi, kwa sababu boti ileile iliyomleta ndiyo ilikuwa inamngoja anayeshuka. Yule jamaa alimwonyesha kitanda, akampa tochi, akamwambia mlango upi unahitaji kusukumwa kwa bega. Halafu akasema, bila hasira, "Nimekungoja sana, ndugu." Mdogo wangu akamjibu, "Na mimi nilikuwa nakungoja wewe." Wakacheka wote wawili, na mmoja akashuka.